Ada za shule hazipunguzi kodi Kenya: Wabongo wa Mombasa someni kabla hamjasaini bima ya elimu

Ndugu zangu mnaotoka Tanga, Pemba, Dar mkaajiriwa huku Mombasa, hii nawaandikia nyinyi. Kwetu tumezoea PAYE inakatwa, 270,000 za mwanzo hazitozwi, basi, hakuna cha kuomba. Huku kuna nafuu za kuomba mwenyewe na hapo ndipo maajenti wanapotukamatia.

Nianze na lililoniumiza. Ajenti alikuja ofisini kwetu na bima ya elimu ya miaka minane, akasema ada za watoto sasa zitarudi kwenye kodi. Ofisi ikaniwekea nafuu kwenye mshahara kila mwezi, miaka mitatu nalipa roho safi, halafu ikaja barua ya kudaiwa. Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya inataka bima ya elimu ikomae kwa miaka KUMI au zaidi. Minane si kumi. Tisa si kumi. Ajenti alikuwa ameshahama kampuni, simu haishiki.

Tuelewane hapa, maana shemeji zangu wa Tanga bado wananipigia, "si una watoto wanasoma, peleka risiti za ada." Shemeji nakupenda lakini hapana, risiti ya ada haina pa kuingia kwenye fomu ya KRA, hata shule iwe ya gharama vipi. Elimu inaingia kwa mlango wa bima tu, na bima yenyewe ni ile ya miaka kumi. Bima ya maisha na ya afya nazo zinahesabiwa, yako au ya mkeo au mtoto.

Halafu mpangilio, hapa hata watu wa mishahara wanachanganya. Riba ya mkopo wa nyumba inatolewa kwenye KIPATO, kabla kodi haijapigwa. Bima inatolewa kwenye KODI, baada ya kupigwa, tena ni asilimia 15 tu ya ulicholipa, mwisho 5,000 kwa mwezi. Riba mwisho wake ni 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka, tangu 27 Disemba 2024, zamani ilikuwa 25,000.

Chukua mtu aliyebakiwa na 150,000 baada ya NSSF, SHIF na ile tozo ya nyumba. Analipa benki 62,000 kwa mwezi kwa fleti anayokaa Bamburi, ila riba humo ndani ni 35,000 na zilizobaki ni deni lenyewe linapungua, kwa hiyo 62,000 isahau, na kwenye hiyo 35,000 anaruhusiwa 30,000. Kipato cha kutozwa kinakuwa 120,000. Kodi yake: 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, zinazofuata 8,333 kwa asilimia 25, zilizobaki kwa asilimia 30, jumla kama 30,783. Sasa ndio unatoa nafuu ya mtu binafsi, 2,400, inabaki 28,383. Mwisho bima: analipa 12,000, asilimia 15 ni 1,800, analipa kodi 26,583. Akiitoa ile 12,000 yote kwenye kipato, kodi itashuka kwa 3,600 badala ya 1,800, na hiyo tofauti itadaiwa.

Na ikiwa bima yenyewe ni ya miaka minane, 1,800 yote inadaiwa. Miaka mitatu ni 64,800, weka faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi uliochelewa.

Nyumba iwe unakaa wewe, na ni moja tu. Ile unayojenga Tanga au uliyopangisha Likoni haihusiki.

Wakenya nawasifu, mtu wa kawaida kwenye matatu atakubishania mambo ya bajeti mpaka Buxton, sisi kwetu hatuna hiyo. Lakini bima wananunua kwa kujuana, mtu anasaini kwa sababu ajenti ni wa ukoo wa mwenzake wa kazini, na mgeni anafuata mkumbo kwa sababu ya haya. Haya weka pembeni. Mwambie akuonyeshe kwenye mkataba tarehe ya kuanza na tarehe ya kukomaa, zihesabu mwenyewe kwa vidole palepale, ndio utoe kalamu.

Mengine mepesi: cheti cha bima na barua ya benki ya riba wapelekee watu wa mishahara mwezi Januari, maana tangu Julai 2025 mwajiri analazimika kuzihesabu nafuu zote kwenye PAYE. Ukishapata P9 jaza iTax kabla ya 30 Juni. Fomu itakuuliza PIN ya benki na ya kampuni ya bima, ukiwa huna usijaze kwa kubahatisha, wapigie wakupe.

Mwenye bima ya miaka minane au tisa anayeombewa nafuu sasa hivi, usingoje barua. Iambie ofisi iitoe mwezi huu, kisha ingia iTax urekebishe ritani za nyuma mwaka mmoja mmoja, kwa sababu ile asilimia 1 inatembea kila mwezi.