Alama ya mnunuzi na picha za wateja: jinsi ya kuyasoma maoni kabla ya kuagiza pawabenki

Nauza vifaa vya simu, na kabla ya kuagiza mzigo hupitia maoni ya wateja kwa utaratibu huu. Mfano wangu ni pawabenki iliyoandikwa 30,000 mAh, maana hapo hata mteja mkweli anaweza kukupotosha: kifaa kimefika, kinawaka, kimechaji simu siku ya kwanza, naye anaweka nyota tano.

Hatua ya 1: Jua alama imetoka wapi

Kwenye Amazon, "Verified Purchase" maana yake aliyeandika alinunua au kutumia bidhaa hiyo humo humo, kwa bei ambayo wateja wengi wangeipata. Alama inatokana na rekodi ya malipo. Haijui kifaa kimetumika siku ngapi, wala haijui kama pesa ilirudi kwa mlango wa nyuma.

Na pesa hurudi kweli. Wapo wauzaji wanaomwambia mtu anunue kwa bei kamili, aweke nyota tano, kisha wanamrudishia pesa zote nje ya soko, mara nyingi kwa PayPal. Mfumo unaona oda halali kabisa. Wengine hujiagizia wenyewe: wanafungua akaunti kwa jina na anwani ya mtu asiyejua lolote, wanamtumia kifurushi cha kitu cha bei ndogo, oda ikihesabiwa imefika wanaandika maoni. Kwa hiyo alama inamzuia mwongo asiyetaka kutoa pesa, lakini mwenye mtaji anapita. Bado mimi huanza na maoni yenye alama.

Hatua ya 2: Hakikisha maoni ni ya bidhaa unayoitazama

Ukurasa mmoja unaweza kubeba rangi na ukubwa tofauti, na nyota zote zikajumlishwa pamoja. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza kampuni ya virutubisho ya The Bountiful Company dola 600,000 kwa kuunganisha bidhaa tofauti kwenye Amazon ili mpya zivae nyota na maoni ya zile zilizokwisha kupendwa. Maoni yenyewe yangeweza kuwa ya kweli, ila yalihusu kitu kingine. Angalia mstari mdogo ulio karibu na nyota, wenye "Color" au "Size". Kama unasema 10,000 mAh, maoni hayo hayakuhusu.

Hatua ya 3: Fungua picha moja moja

Kwanza ipitishe kwenye Google Lens. Ikitokea kwenye tangazo la muuzaji mwingine, iache. Isipotokea popote, usiihesabu kuwa imethibitishwa, kwa sababu hata aliyelipwa anaweza kupiga picha mpya mezani kwake.

Picha ya kifaa kando ya boksi inaonyesha umbo, rangi, matundu ya kuchajia na maandishi. Namba ya 30,000 ni wino tu. Ninayoitafuta mimi ni picha ya pawabenki ikiwa juu ya mizani ya jikoni.

Tuseme mizani inasoma gramu 210. Betri za duara za aina ya 18650, zile bora kabisa zinazouzwa kwa wingi, hubeba kama 3,500 mAh kila moja na huwa na uzito wa gramu 45 hadi 48. Kufikia 30,000 unahitaji betri 9, yaani zaidi ya gramu 400 kabla ya kasha na bodi. Betri bapa nazo hazitofautiani sana kwa uzito. Gramu 210 haziwezi kubeba namba hiyo, hata alama ya mnunuzi iwe halali namna gani.

Kinyume chake hakishiki. Zimekwisha kupasuliwa pawabenki feki zilizojazwa mchanga au vyuma ili ziwe nzito. Uzito mdogo unaihukumu, uzito mkubwa hauisafishi.

Hatua ya 4: Tafuta picha ya kipimo cha USB

Hiki ni kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya pawabenki na simu, kinahesabu umeme uliotoka. Betri ndani zina volti 3.7, kinachotoka ni volti 5, hivyo 30,000 ya kweli inashuka hadi 22,200 kwa hesabu tupu, na joto likichukua chake utaona kama 18,000 hadi 20,000. Picha ikionyesha 7,000 na pawabenki imezimika, umepata jibu. Usimshutumu muuzaji kwa sababu kipimo kinasoma 19,000, hapo yuko sawa.

Picha hiyo nayo ni ya kifaa kimoja cha mzigo mmoja. Muuzaji anaweza kubadilisha betri za ndani mwezi unaofuata, ukurasa na nyota zikabaki vilevile. Ndiyo maana hupanga maoni kwa "Most recent", nikalinganisha ya karibuni na ya zamani, kisha naagiza kipande kimoja na kukipima mwenyewe kabla ya kulipia katoni.