Usichome mawese mpaka yawe meupe, hasa kama una mtoto mdogo

Sisi watu wa Kigoma vitamini A tunayo kwenye kidumu jikoni, alafu tunaichoma wenyewe. Juzi nimekuta jirani yangu hapa Ujiji kaweka mawese kwenye sufuria, moto mkali, moshi umejaa mpaka unakohoa, ukimuuliza anasema anasubiri wekundu uishe ili yasinuke. Sasa ule wekundu ndo wenyewe! Ile ni karotini, mwili wa mtoto ndo unaigeuza kuwa vitamini A, ikishaungua umebaki na mafuta matupu. We angalia rangi tu, yakiwa bado mekundu kama chungwa bivu ipo, yakigeuka kama ya alizeti ishaondoka. Na mafuta ya mise yasikuchanganye, yanatoka kwenye mchikichi huohuo ila ni ya kokwa, karotini hayana.

Huyo jirani ana mtoto wa miaka miwili, giza likianza kuingia anakaa tu mlangoni, ukimwita anapapasa ukuta, wao wakasema mvivu. Nikamwambia hapo usianze na chakula, kimbia kituo cha afya leoleo, maana mtoto akishaanza kutoona jioni, au ukiona kidoa kama povu kwenye weupe wa jicho, mboga peke yake itachelewa. Wakampa dozi ya vitamini A. Kumbe hata yale matone ya kila miezi 6, yanayoanza mtoto akiwa na miezi 6 mpaka anakaribia miaka 5, alikuwa kayakosa mara mbili.

Baada ya hapo ndo tukaja kwenye sufuria. Chukua kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa ndani (cheupe kinashibisha tu, karotini hakina), ukubwa kama ngumi ya mtoto, chemsha na ganda lake umefunika, kikiiva menya uponde. Pembeni matembele mkono mmoja, yaoshe kabla hujakata, maji kidogo tu na hayo maji usimwage, tia dagaa waliotwangwa. Ikishaiva ndo unaweka mawese kijiko kimoja cha chai, yale ambayo hayajachomwa, unakoroga dakika moja unaipua. Bila mafuta hiyo karotini ya kiazi na matembele nyingi inapita tu tumboni inatoka, ndo maana mboga ya chukuchuku haimsaidii sana mtoto.

Kama harufu inamshinda anza na kitunguu na nyanya kwa moto mdogo, ukiona moshi ujue umechelewa. Kidumu kiwe na kifuniko na kikae gizani, ukiweka kwenye chupa nyeupe dirishani jua linapausha taratibu. Matembele nayo ukianika, anika kivulini.

Jirani kanipigia juzi ana hofu, viganja vya mtoto vimekuwa vya njano. Nikamuuliza macho je, akasema meupe. Basi ni karotini hiyo, punguza kidogo itaisha, ila macho yangekuwa ya njano ningemwambia arudi kituoni.