Somo: Barua pepe kwa mteja wa zamani bila kumwomba kazi

Kazi imekwisha, hela imelipwa, mteja yuko kimya. Wengi wetu humwandikia hivi: "Habari, nipo, ukiwa na kazi nishtue." Barua hiyo inamtwisha yeye mzigo wa kufikiria kazi gani akupe, ndiyo maana haijibiwi. Ukitaka ajibu, fikiria wewe kwanza, kisha umwachie uamuzi.

Nitatumia kazi yangu moja. Mama mmoja anayeuza asali ya Tabora hapa Dar alinipa nimtengenezee lebo ya chupa ya gramu 500. Nilimkabidhi faili mwezi Machi, akamalizia malipo.

Hatua ya 1: Subiri kazi ifike sokoni. Lebo lazima ichapwe, ibandikwe, ifike dukani. Kwa lebo mimi husubiri wiki tano au sita. Ukiandika kabla ya hapo, huna cha kumwambia zaidi ya asante.

Hatua ya 2: Nenda ukaione. Hapa ndipo barua inapopatikana, na hapa ndipo wengi hawafiki. Niliikuta asali yake kwenye duka la kujihudumia. Chupa za gramu 500 zilikuwa safi. Pembeni kulikuwa na chupa mpya za gramu 250, zimevishwa lebo yangu ileile, imepunguzwa tu ikaenea. Nikanunua moja. Kwenye kaunta mashine ikasoma bei ya chupa kubwa, keshia akalazimika kuirekebisha kwa mkono.

Sababu ni bakodi. Kila ujazo wa bidhaa unatakiwa uwe na namba yake. Lebo iliponakiliwa, namba ya gramu 500 ilikwenda nayo. Mteja anayelipa bila kutazama risiti atajiona kaibiwa, na hesabu ya stoo ya duka itaonyesha chupa kubwa zimeuzwa kumbe ni ndogo.

Hatua ya 3: Andika. Jibu barua ileile uliyotumia kukabidhi faili, na usiguse kichwa chake. Atakumbuka wewe ni nani, na faili zake zitakuwa hapohapo. Mimi niliandika hivi:

> Re: Faili za lebo ya asali gramu 500
>
> Shikamoo Mama,
>
> Habari za biashara? Jumamosi nimeikuta asali yako dukani, rangi za lebo zimetoka vizuri. Hongera pia kwa chupa za gramu 250.
>
> Nilinunua moja ndogo, na kaunta ikasoma bei ya kubwa, kwa sababu bakodi ni ileile. Gramu 250 inahitaji namba yake. Angalia kama kuna namba iliyobaki kati ya zile ulizopewa na GS1 Tanzania. Kwa sasa, ni vyema wenye duka wajue, wasiwatoze wateja bei ya chupa kubwa.
>
> Ukishapata namba, naweza kukupangia lebo ya chupa ndogo kwa vipimo vyake, iwe tayari kabla ya Sabasaba. Kama umeshampa mtu mwingine, hakuna neno, mpe tu habari ya bakodi.

Tazama aya ya pili: hata asiponipa kazi, ameshajua tatizo na la kufanya. Ofa ni sentensi moja, inataja kitu kimoja, na mlango wa kukataa uko wazi. Bei sikuitaja, kwani hajaniuliza.

Hatua ya 4: Tuma, kisha nyamaza.

Maswali ya wanachama

*Je, kama kosa nililoliona ni langu mwenyewe?*
Lirekebishe bure, tuma faili jipya na uombe radhi. Barua hiyo usiitie ofa yoyote. Akiona unamuuzia dawa ya ugonjwa uliomletea wewe, hatarudi.

*Mteja wangu hana bidhaa dukani, nilimtengenezea nembo tu. Nikaone wapi?*
Tazama bango la mlangoni, risiti, fulana za wafanyakazi, picha ya ukurasa wake. Nembo ndefu ikiingizwa kwenye duara la picha ya wasifu hukatwa pembeni. Hilo tu linatosha kuandikia.

*Kwa nini nisimtumie WhatsApp?*
Kama kazi yote mliifanya huko, andika huko. Ila bakodi na vipimo atataka kumpelekea mchapaji, na ujumbe wa barua pepe haupotei kati ya salamu za asubuhi.

*Bado ananidai faili za mwisho, na mimi namdai nusu ya hela.*
Basi kazi haijaisha, kaka. Malizaneni kwanza, hili somo ni la baadaye.

*Asipojibu, nikumbushe baada ya muda gani?*
Usimkumbushe. Mwandikie tena siku utakayokuwa umeona kitu kingine. Yule mama alikaa siku kumi na moja, akanijibu kwa mstari mmoja: "Namba nimepata, lebo ya robo kilo shilingi ngapi?"