Jina la biashara limeshachukuliwa? Tafuta moja linalopita kila mahali

Tuseme unashona nguo, unataka jina Nyuzi, lakini kikoa chake, yaani anwani ya tovuti nyuzi.com, kina mwenyewe. Wengi hukimbilia kubandika kistari au namba, halafu wanakwama kwenye mitandao ya kijamii. Mimi huanza na mtandao wenye masharti magumu zaidi.

Hatua ya 1: Mjue mwenye jina. Andika kikoa hicho kwenye lookup.icann.org. Ukurasa usiofunguka haumaanishi kikoa kiko huru. Angalia tarehe ya kuisha na hali yake. Kwa .com, ukiona `redemptionPeriod`, mwenyewe bado ana hadi siku 30 za kukikomboa, kisha hufuata siku 5 za `pendingDelete`, yaani kusubiri kufutwa. Usijenge biashara juu ya subira hiyo. Na kama mwenye jina naye anashona nguo, achana nalo kabisa. Wateja watawachanganya, na akiwa amelisajili kama alama ya biashara anaweza kukunyang'anya hata kikoa ulicholipia.

Hatua ya 2: Pima kwa herufi 15. X haipokei jina la akaunti linalozidi herufi 15, wala kistari. Kikoa nacho hakipokei mstari wa chini, na nukta inayokubalika Instagram haikubaliki X. Kwa hiyo nyuzi-mavazi litakwama X, na nyuzi_mavazi litakwama kwenye kikoa. Kinachopita kote ni herufi tupu, zilizoungana, zisizozidi 15. Namba nazo zinapita, ila mimi siziweki: ukitaja nyuzi2, msikilizaji hajui aandike "2" au "mbili".

Hatua ya 3: Ongeza neno la kazi yako. Tuchukue matatu: vaanyuzi (8), nyuzimavazi (11), ushonajinamavazinyuzi (21). La mwisho limeshakufa kwa urefu. Yaliyobaki mtajie mtu kwa simu, mara moja tu, kisha mwombe akutumie alichoandika. Vaanyuzi hurudi "vanyuzi", kwa sababu ile a ya pili haisikiki vizuri. Nyuzimavazi hurudi jinsi ulivyolitaja.

Hatua ya 4: Jaribu ndani ya fomu. Ukitafuta akaunti usiione, usishangilie. Huenda imefungiwa tu na jina bado limeshikwa. Jibu la kuaminika hutoka kwenye fomu ya kufungua akaunti au kubadili jina. Fungua Instagram, TikTok na X pamoja, uandike jina lilelile kote. Likikataliwa hata sehemu moja, rudi hatua ya 3. Fanya hivyo kabla ya kulipia kikoa, maana fedha za usajili mara nyingi hazirudi.

Hatua ya 5: Maliza kwa kikao kimoja. Likikubalika kote, lipia kikoa na ukamilishe akaunti zote palepale, hata ile ambayo hutaitumia mwaka huu. Akaunti zote zisajili kwa baruapepe ya biashara, si ya kijana anayekusaidia kupiga picha. Akiondoka, ujumbe wa kurejesha nywila utakuwa unamfikia yeye.