Somo: "Inna" si "hakika" kila mara

Wengi wetu tukifasiri Qur'ani kwa Kiswahili na kukutana na inna, ile herufi ya mkazo, mkono huandika "hakika" kabla hatujaisoma jumla yenyewe. Zikijaa hakika kumi katika ukurasa mmoja, msomaji haisikii hata moja. Tuitazame Yaasin, aya ya 13 hadi 16, ambako inna imekuja mara mbili kwa uzito tofauti.

Hatua ya kwanza: iondoe inna kwanza. Wajumbe wanawaambia watu wa mji: *inna ilaikum mursaluun*. Bila inna yangebaki maneno *nahnu ilaikum mursaluun*, mubtada na khabari, hakuna kitenzi. Kwa Kiswahili: "Tu wajumbe tuliotumwa kwenu." Usikimbilie "tumetumwa", kwa sababu mursaluun ni jina. Linataja walivyo, si kisa cha kutumwa.

Hatua ya pili: tazama anayeambiwa. Wanabalagha husema asiye na shaka hupewa habari tupu, mwenye kusitasita huongezewa mkazo mmoja, na anayekanusha huongezewa kadiri ya ukanushaji wake. Hapa wajumbe wawili walikwisha kukadhibishwa, akaongezwa wa tatu, ndipo ikaja inna. Watu wakazidi: nyinyi ni binadamu tu kama sisi, mnasema uongo. Jibu likawa *rabbuna ya'lamu inna ilaikum lamursaluun*. Sasa kuna kumshuhudisha Mola, ambako huchukua nafasi ya kiapo, kuna inna, na kuna lamu juu ya khabari.

Hatua ya tatu: panda ngazi kwa Kiswahili. Aya ya 14 naiandika: "Sisi ni wajumbe tuliotumwa kwenu." Hilo "sisi" linatosha, maana "tu wajumbe" ilikuwa imekwisha kutaja nafsi, anayelitamka hivyo anasisitiza. Aya ya 16: "Mola wetu anajua: hakika sisi ni wajumbe tuliotumwa kwenu." Hakika imewekwa akiba mpaka hapa, kwa hiyo inasikika.

Kisha msomee kwa sauti mtu asiyejua Kiarabu, umuulize ni jibu lipi lililo kali zaidi. Akishindwa kutofautisha, rudi hatua ya tatu.

Maswali

*Ustadhi, kwa nini tusitumie "ndio" au "ndiye" badala ya hakika?*

Kwa sababu "ndiye" hufunga mlango kwa wengine. "Juma ndiye mwalimu" ina maana si mwingine. Inna peke yake haisemi hivyo. Ngoja uone dhamiri ya kutenga na khabari yenye alif lamu, kama *innallaha huwa rrazzaaq* (Adh-Dhaariyaat, 58). Hapo "Mwenyezi Mungu ndiye Mtoaji riziki" ni sawasawa.

*Na inna inayofuata amri? Mfano "wastaghfirullaha, innallaha ghafuurun rahiim".*

Hiyo inabeba sababu ya amri, ndugu yangu. "Muombeni Mwenyezi Mungu msamaha, kwani Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu." "Kwani" imefanya kazi ya inna; ukiongeza "hakika" utakuwa umeifasiri mara mbili.