Kupima mtiririko wa printa ya 3D kwa kijisanduku cha ukuta mmoja

Wiki iliyopita kijana mmoja alinijia hapa Mtwara kutoka Lindi na vifuniko vya visanduku vya betri alivyochapa kwa PLA. Vyote vilikuwa vinene kupita kiasi, haviingii hata ukivigonga. Alikuwa ameshashusha mtiririko mara tatu kwa kukisia. Tulianza upya hivi, kwa PrusaSlicer na nozeli ya 0.4.

Hatua ya 1: Printa yenyewe

Ukiagiza milimita 100 za filamenti, ziingie 100. Rekebisha hilo kwanza. Kisha rudisha asilimia ya mtiririko ya kwenye printa, kwa sababu inazidishwa juu ya ile ya programu:

```
M221 S100
```

Hatua ya 2: Kausha filamenti

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nzima, mvua za Januari, kwa hiyo naomba usiiruke. Sisi wa pwani hewa yetu ina unyevu mwingi, na rola likikaa wazi mezani linaunyonya. Maji hayo yakifika kwenye nozeli yanageuka mvuke, plastiki inatoka na vipovu, na ukuta unakuwa na vinundu. Venia haipimi wastani wa ukuta. Midomo yake inagusa vilele vya vinundu. Unasoma ukuta mnene wakati plastiki iliyomo si nyingi.

Mimi nilisoma 0.50 mahali pa 0.45, nikashusha kizidishio cha mtiririko, `Extrusion multiplier`, hadi 0.90, nikafurahi. Baadaye nilikausha rola lile lile kwa sababu nyingine, ukuta ukatoka 0.42, na vitu nilivyochapa vikaachana tabaka kwa kukunjwa na vidole tu. Kosa halikuwa la hesabu. Nilikuwa nimepima mvuke.

Dalili ni milio midogo ya kupasuka kwenye nozeli, nyuzinyuzi nyingi, na ukuta uliopauka wenye vitundu. Lakini unyevu kidogo haupigi kelele, kwa hiyo mimi hukausha kila rola kabla ya kupima: PLA nyuzi 45 hadi 50 kwa saa 4 hadi 6, PETG nyuzi 65 kwa muda kama huo. Tumia kikaushio chenye kipimajoto. Oveni ya gesi ya nyumbani siikubali kabisa. Joto lake linapanda na kushuka, na PLA ikifika karibu nyuzi 60 inalainika na kugandana kwenye rola. Ikishakauka, chapa siku hiyo hiyo au ifunge kwenye ndoo yenye mfuniko mzuri na vipakiti vya silika.

Hatua ya 3: Chapa kijisanduku

Mchemraba wa milimita 30. Weka `Perimeters` 1, `Top solid layers` 0, `Fill density` 0%, upana wa `External perimeters` 0.45, na `Extrusion multiplier` 1. `Perimeter generator` iwe `Classic`, kwa sababu ile nyingine inaweza kubadilisha upana wa mstari yenyewe, nawe unataka upana usiobadilika.

Hatua ya 4: Pima

Acha kijisanduku kipoe. Funga venia, isome sifuri, na uirudishe sifuri kila upande unaohamia. Pima katikati ya ukuta, sehemu ya juu. Pembeni plastiki hurundikana, chini tabaka la kwanza limebanwa, na penye mshono pana uvimbe. Gusa tu, usikaze; ukuta mmoja unabonyea.

Venia ikikosea 0.02 tu, kwenye ukuta wa 0.45 hilo ni kosa la zaidi ya asilimia 4. Ndiyo maana napima mara tatu kila upande, jumla 12, nachukua wastani. Za plastiki sizitumii. Nunua ya chuma.

Hatua ya 5: Hesabu

```
kizidishio_kipya = kizidishio_cha_zamani × 0.45 / wastani
```

Vipimo 12 vya kijana, baada ya kukausha, vilijumlika 5.64, wastani 0.47. Basi 1 × 0.45 / 0.47 ni 0.957, tukaandika 0.96. Chapa tena, ukipata kati ya 0.44 na 0.46, acha. Kuendelea hapo ni kufukuza makosa ya venia.

Hatua ya 6: Angalia uso wa juu

Hata ukuta mkavu una mawimbi ya tabaka, na venia inagusa vilele vyake, kwa hiyo jibu linaweza kuwa dogo kidogo kuliko inavyotakiwa. Chapa kibao kilichojaa, kama 30 kwa 30 kwa 3, ukitazame kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona nafasi kati ya mistari, ongeza 0.01. Ukiona matuta na nozeli inakwaruza, punguza 0.01.

Kibao cha kijana kilikuwa na nafasi ndogo sana, tukamalizia 0.97. Kifuniko kikaingia kwa kusukuma kwa kidole gumba. Rola lake la pili, jeusi, tulilipima upya kutoka hatua ya 2, nalo likataka 0.95.