Zuia tangazo kabla halijapakuliwa: Firefox na uBlock Origin kwenye simu ya Android

Habari ya maneno 800 ikiandikwa kama maandishi matupu haifiki hata kilobaiti 10. Ukurasa unaoibeba unaweza kuvuta megabaiti kadhaa. Kinachojaza nafasi hiyo ni picha, fonti, video zinazojicheza zenyewe, na misimbo ya watangazaji na wafuatiliaji. Msimbo mmoja ukishaingia huita wa pili, wa pili huita wa tatu, na zote zinalipiwa na bando lako.

Kwa hiyo kabla ya kusakinisha kizuia matangazo chochote, jiulize kinazuia wakati gani. Vingine huficha tu: tangazo limeshapakuliwa, kisha linaondolewa machoni. Ukurasa unapendeza, lakini data imeshaliwa. Vingine hukata ombi lenyewe. Brauza inapotaka kwenda kwenye seva ya matangazo, kizuizi huitazama anwani, huikuta kwenye orodha yake, na ombi halitoki kwenye simu. Hapo hakuna kilichopakuliwa, na ile misimbo mingine ambayo ingeitwa nayo haiitwi. uBlock Origin, kiendelezi yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye brauza, hufanya yote mawili: hukata maombi kwanza, kisha huficha nafasi tupu zilizobaki.

Chrome ya Android haipokei viendelezi, na hali yake ya kubana data iliondolewa mwaka 2022. Brave huja na kizuizi ndani yake, na kwa mtu asiyetaka kugusa setingi inatosha. Opera Mini hubana zaidi ya zote kwa sababu katika hali yake ya ubanaji wa juu ukurasa hupitia seva zao kwanza. Lakini kwa sababu hiyohiyo usifungulie benki humo, na kurasa zenye fomu ngumu mara nyingi huharibika. Mimi nachagua Firefox kwa sababu inapokea uBlock Origin na inakuachia uamuzi wa nini kipite na nini kikae nje, tovuti kwa tovuti.

Hatua ya 1: Sakinisha

Pakua Firefox kutoka Play Store. Ifungue, gusa menyu ya vitone vitatu, kisha Extensions. Tafuta uBlock Origin kwenye orodha inayopendekezwa, gusa alama ya kujumlisha, na ukubali ruhusa. Hakikisha jina la mtengenezaji ni Raymond Hill. Jina hili lina waigaji, na tovuti ya ublock.org haihusiani naye kabisa, kwa hiyo usipakue kitu chochote huko.

Ukiwa na mazoea ya kutumia vichupo vya faragha, rudi kwenye ukurasa wa kiendelezi na uwashe kitufe kinachokiruhusu kufanya kazi humo. Usipofanya hivyo, matangazo yatajaa kwenye vichupo hivyo kana kwamba hujasakinisha chochote.

Hatua ya 2: Ongeza orodha moja au mbili, si zaidi

Gusa vitone vitatu, Extensions, uBlock Origin. Kidirisha kitafunguka chenye kitufe kikubwa cha kuwasha na kuzima. Gusa alama ya magurudumu ya meno ili ufike kwenye setingi, kisha ufungue Filter lists. Orodha zilizokwisha kuwashwa, kama EasyList na EasyPrivacy, ziache kama zilivyo.

Kinachofaa kuongeza kiko chini ya vichwa Cookie notices na Annoyances. Humo mna orodha zinazoondoa vibao vya kuuliza kuhusu kuki, vya "jiunge na jarida letu" na vya "pakua programu yetu". Hivi havitoki kwenye seva za matangazo, ni sehemu ya ukurasa wenyewe, ndiyo maana vinahitaji orodha ya peke yake. Weka tiki, kisha gusa Apply changes, la sivyo chaguo lako halihifadhiwi.

Usishawishike kuwasha kila orodha unayoiona. Orodha nazo hupakuliwa na kusasishwa kwa data yako, na kadiri zinavyorundikana ndivyo kurasa nzima zinavyovunjika. Kama bando lako ni dogo, ondoa tiki kwenye Auto-update filter lists, halafu uwe unasasisha mwenyewe unapopata waifai. Usikae miezi bila kusasisha, maana anwani za matangazo hubadilika na orodha iliyozeeka hupitwa.

Hatua ya 3: Picha nzito na video

Hapa ndipo data nyingi zaidi huokolewa, na ndipo watu wengi hawafiki. Kwenye setingi za uBlock Origin fungua Settings na utafute Block media elements larger than. Kiwango kinachokuja nacho ni kilobaiti 50. Weka tiki.

Kuanzia hapo, picha inayozidi kiwango hicho haipakuliwi. Mahali pake utaona fremu tupu. Ukitaka kuiona picha hiyo moja, gusa fremu na itaingia yenyewe, nyingine zikibaki nje. Kwenye habari yenye picha kumi za kupamba utajikuta unagusa moja tu, au hugusi kabisa. Ukiona kilobaiti 50 zinakubana mno, pandisha mpaka 100 au 150. Kama kuna tovuti ambayo picha ndizo unazozifuata, ifungue, ingia kwenye kidirisha cha uBlock Origin, panua kwa More, na uguse alama ya mkanda wa filamu. Kizuizi cha picha kitaondoka kwenye tovuti hiyo peke yake.

Video zinazojicheza zinashughulikiwa na Firefox yenyewe: Settings, Site settings, Autoplay. Chagua Block audio and video, au ile inayohusu data ya simu pekee kama nyumbani una waifai. Video itasubiri mpaka uiguse.

Kuna pia Block remote fonts. Inasaidia kidogo, ila ina gharama: tovuti nyingi hutumia fonti kuchora alama zake, hivyo kitufe cha menyu au cha kutafuta kinaweza kugeuka kiboksi kitupu. Ukianza kuona viboksi hivyo, sababu ni hiyo.

Hatua ya 4: Pima, usikisie

Chagua kurasa tano za tovuti unazozisoma kila siku. Zima waifai, nenda kwenye setingi za simu, sehemu ya matumizi ya data kwa kila programu, na uandike namba ya Firefox. Fungua kurasa hizo tano kizuizi kikiwa kimezimwa, uzishushe mpaka chini, kisha uandike namba mpya. Baada ya hapo futa kumbukumbu ya muda ya Firefox, washa kizuizi, na ufungue kurasa zilezile kwa mwendo uleule.

Kufuta kumbukumbu hiyo ni lazima. Usipofuta, mara ya pili simu itatumia picha ilizokwisha kuhifadhi, na utadhani kizuizi kimefanya kazi kuliko uhalisia wake. Tumia kurasa kadhaa badala ya mmoja kwa sababu mita ya Android huchelewa kujisasisha, na tofauti ya ukurasa mmoja inaweza isionekane.

Tuseme namba ilipanda kwa megabaiti 30 bila kizuizi na 9 kikiwepo. Kwa kurasa hizo umeokoa 21, yaani asilimia 70. Kwenye tovuti za maandishi zenye matangazo mengi pengo huwa kubwa hivyo. Kwenye tovuti ya kutazama video halitakuwepo, kwa sababu data inakwenda kwenye video yenyewe, na dawa yake ni kushusha ubora wa picha kwenye kichezeshi.

Vibao vinavyoendelea kuchomoza

Mtu huniletea simu akisema ina virusi. Kila baada ya dakika chache linatokea tangazo: "Simu yako imeambukizwa, safisha sasa." Mara nyingi hamna kirusi. Kuna siku alifungua ukurasa ulioandikwa "Gusa Allow kuthibitisha kuwa wewe si roboti", akagusa. Kile kitufe kilikuwa ruhusa ya kutuma arifa, na tangu hapo tovuti hiyo inamtumia matangazo hata brauza ikiwa imefungwa. uBlock Origin haiwezi kuziondoa arifa hizo, kwa kuwa ruhusa umeitoa wewe.

Ibonyeze arifa hiyo na uishikilie. Ikiwa imeandikwa Chrome na chini yake kuna anwani ya tovuti usiyoijua, chanzo umekipata. Ingia Chrome, Settings, Site settings, Notifications, tafuta anwani hiyo kwenye zilizoruhusiwa na uizuie. Ukiwa humo, ingia pia Pop-ups and redirects na uhakikishe imezimwa. Upande wa Firefox, setingi ya arifa iko kwenye Site settings, na mimi huiweka Blocked moja kwa moja ili tovuti zisiombe tena.

Tangazo likifunika skrini nzima ukiwa hujafungua brauza, basi linatoka kwenye programu fulani. Likitokea, usilifunge. Fungua orodha ya programu zilizotumika karibuni na utazame jina la iliyo mbele. Mara nyingi ni tochi, kisafisha simu au kibodi ya mapambo. Iondoe. Ikijificha, tafuta kwenye setingi za simu Display over other apps, ambayo simu nyingine huiita Appear on top, uone nani amepewa ruhusa hiyo bila sababu.

Tovuti ikigoma

Baadhi ya tovuti zitakuambia uzime kizuizi, na nyingine zitavunjika kimyakimya: kitufe cha kulipia hakijibu, au fomu haiendi. Fungua kidirisha cha uBlock Origin, gusa kitufe kikubwa, kisha upakie ukurasa upya. Hapo umekizima kwa tovuti hiyo tu, kwingine kinaendelea. Kama tovuti inaishi kwa matangazo yasiyokera na unaithamini, iache hivyo. Na usisakinishe kizuizi cha pili ukidhani kitaongeza nguvu. Viwili hugongana, na unashindwa kujua kipi kimeharibu ukurasa.

Matangazo ndani ya programu nyingine

Firefox haiwezi kugusa kinachotokea ndani ya michezo na programu nyingine. Kuanzia Android 9 kuna setingi inayoitwa Private DNS, kwa kawaida sehemu ya mtandao. Chagua kuandika jina la mtoa huduma, kisha uweke:

```
dns.adguard-dns.com
```

Programu ikiuliza anwani ya seva ya matangazo inayojulikana, haitaunganishwa nayo. Haiwezi kuzuia tangazo linalotoka kwenye seva ileile inayoleta maudhui, kwa hiyo matangazo ya YouTube yatabaki. Na ukijiunga na waifai ya hoteli au uwanja wa ndege, ukurasa wa kuingia ukakataa kufunguka, irudishe Private DNS kwenye Automatic, ingia, kisha uiweke tena.